Sura ya Sita: Bangili Inaona Nini?

Ukipiga picha ya kitenge, umepata picha ya kitenge. Ukipiga picha ya bangili ya fedha iliyosuguliwa ikang'aa, umepata picha ya chumba chako. Kitambaa huupokea mwanga na kuutawanya kila upande, hivyo popote utakaposimama rangi zake ni zilezile na maua yake ni yaleyale. Fedha iliyong'arishwa haitawanyi. Mwanga unaoigonga huondoka kwa pembe ileile uliyoingia nayo, tena huondoka na sura ya kule ulikotoka. Ndiyo maana bangili moja ndogo inaweza kubeba dirisha zima pamoja na nondo zake, pazia jekundu, feni ya dari, na katikati yake kivuli cheusi cha mtu aliyeshika simu.

Lile doa jeupe linaloharibu picha nalo ni taswira kama hizo nyingine. Ni dirisha, au taa, au jua lenyewe, limejichora juu ya chuma likiwa dogo na kali kuliko vyote vinavyolizunguka. Wengi huanza kulipiga vita: wanafunga dirisha, wanageuza bangili, wanapunguza mwanga. Doa linahama, kisha bangili inakuwa nyeusi kama bati la zamani, kwa sababu chuma kinachong'aa lazima kionyeshe kitu fulani, na ukikiondolea mwanga wote kitaonyesha giza. Kazi yetu katika sura hii ni kinyume cha hapo. Tunalichukua doa na kulikuza mpaka liwe uso mpana mweupe, mlaini, usio na mpaka wa ghafla, kisha tunarudisha weusi kidogo pale tunapoutaka sisi.

Flashi ya simu haiwezi kusaidia hata siku moja. Ni taa ndogo kuliko punje ya mahindi, iko jirani kabisa na lenzi, na taswira yake inarudi moja kwa moja kwenye picha. Kuhariri baadaye nako kuna kikomo chake. Sehemu iliyoungua ikawa nyeupe tupu haina habari yoyote ndani yake, kwa hiyo ukiipunguzia mwanga kwenye programu inageuka kuwa doa la kijivu.

Kuhusu dirisha

Vitabu vya Ulaya humshauri mpiga picha atafute dirisha linalotazama kaskazini, na wachoraji wa huko walijenga vyumba vyao vya kazi kwa kufuata kanuni hiyo. Kwao ni sahihi, kwa sababu jua la London au Amsterdam hupita upande wa kusini na dirisha la kaskazini hubaki na mwanga wa anga tu. Kwetu karibu na ikweta jua linahama upande. Dar es Salaam, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua liko upande wa kaskazini tangu lichomoze hadi lizame, na dirisha linalotazama kusini ndilo lenye mwanga mtulivu kutwa nzima. Novemba hadi Januari mambo yanageuka, na la kaskazini ndilo lenye kivuli. Kama nyumba yako ina madirisha ya mashariki na magharibi tu, huna haja ya kalenda: la mashariki litumie mchana, la magharibi litumie asubuhi. Msomaji aliyeko Maskati anaweza kufuata vitabu vya Ulaya sehemu kubwa ya mwaka, isipokuwa miezi ya joto, jua linapokaa upande wa kaskazini saa nyingi za siku.

Zaidi ya jua, tazama dirisha lenyewe. Vioo vya rangi vya madirisha ya alumini, vile vya kijani au buluu iliyokolea, hupaka fedha rangi yao. Hapo ndipo mteja anapouliza, "Dada, hii ni fedha kweli au ni ile ya rangi?" Fungua kioo, sukuma pembeni, tumia mwanga wa nje usiopita kwenye kitu. Nondo ni tatizo jingine, maana karibu kila nyumba ya mjini inazo, na kila ufito hujichora kwenye bangili kama mstari mweusi. Hizo tutazifuta kwa karatasi baada ya muda mfupi. Halafu zima taa zote za chumbani. Balbu ya manjano ikichanganyika na mwanga wa dirisha, upande mmoja wa bangili unakuwa wa fedha na mwingine unakuwa wa shaba, na simu haiwezi kuzirekebisha rangi mbili kwa wakati mmoja.

Bangili moja mezani

Nachagua mfano mgumu makusudi: bangili ya fedha isiyo na nakshi, kipenyo chake yapata sentimita 6 na nusu, upana sentimita 1 na nusu, uso wake wa nje umebinuka kama tumbo. Ingekuwa bapa, ingeona upande mmoja tu wa chumba. Iliyobinuka inaona karibu chumba kizima.

Vifaa vinapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya shule: manila nyeupe tatu au nne, manila nyeusi moja, selotepu, mkasi, na vibanio vya nguo. Ongeza kipande kirefu cha karatasi nyeupe ya kuokea, ile inayopitisha mwanga. Ukiikosa, kitambaa chembamba cheupe cha kanzu kinafanya kazi hiyo vizuri, mradi kiwe cheupe kweli na si kilichotiwa bluu ya kufulia.

Weka meza ili dirisha liwe kushoto kwako, na bangili iwe umbali wa nusu mita hivi kutoka dirishani. Tandika manila moja mezani na nusu yake ya nyuma uiinue, uiegemeze ukutani au kwenye mkebe, ijipinde polepole bila kukunjika. Laza bangili juu yake. Sasa usiguse simu kwanza. Funga jicho moja, weka lingine pale simu itakapokaa, juu kidogo na mbele ya bangili, ukiitazama kwa mteremko. Isome bangili kuanzia chini kwenda juu, taratibu.

Utaona kitu cha ajabu kidogo. Sehemu ya tumbo iliyosimama wima haikuonyeshi wewe, inaonyesha meza. Jicho lako linashuka kwa mteremko, linagonga ukuta wa bangili, linaendelea kushuka kuja mbele, na kutua kwenye manila sentimita mbili tatu mbele ya bangili. Ukipanda kidogo, kuna mstari mwembamba unaokutazama uso kwa uso: hapo ndipo simu itaonekana, pamoja na paji lako la uso. Ukipanda zaidi unaona dari na feni yake. Karibu kabisa na ukingo wa juu unaona kilicho nyuma ya bangili. Kulia na kushoto mashavu yake yanaona chumba na dirisha. Upande wa ndani hujiona wenyewe kwa wenyewe, na huko hatuna la kufanya.

Ukiishajua ramani hiyo, hakuna kubahatisha. Kila sehemu mbaya ina anwani yake. Na pale unaposhindwa kutambua doa fulani limetoka wapi, mwambie mtu ashike penseli aizungushe polepole hewani kuzunguka bangili, huku jicho lako likiwa mahali pa lenzi. Ncha ya penseli itakapoonekana imeingia ndani ya doa, chanzo chake kiko kwenye mstari wa penseli hiyo. Njia hii ni ya haraka kuliko kupiga picha ishirini.

Tuanze na dirisha. Karatasi ya kuokea usiibandike kwenye kioo. Ukiibandika pale, nondo zinatupa kivuli chake juu ya karatasi na bangili inakiona kivuli hicho wazi kabisa. Isimamishe baina ya dirisha na bangili, karibu zaidi na bangili: iache sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye nondo, na kama sentimita 15 kutoka kwenye bangili, nje kidogo ya fremu ya picha. Vibanio viwili na vitabu viwili vinatosha kuisimamisha. Nondo zikishakuwa mbali na karatasi, vivuli vyake vinayeyukiana na kupotea. Faida nyingine ni kubwa kuliko hiyo: kwa bangili, chanzo cha mwanga sasa si dirisha tena, ni karatasi, na karatasi iliyo karibu inaonekana kubwa mno. Doa lililokuwa kama ukucha linapanuka na kufunika shavu zima la kushoto. Mwanga uleule uliojikusanya padogo umetandazwa, na ukali wake umeshuka.

Upande wa kulia simamisha manila nyeupe, sentimita 10 kutoka kwenye bangili. Hapa kuna jambo ambalo watu hulipita. Manila haina mwanga wake. Bangili itaiona nyeupe ikiwa tu manila yenyewe imepigwa na mwanga wa dirisha. Ukiigeuzia pembeni, ikawa kwenye kivuli, bangili itaona ubao wa kijivu na utajiuliza kwa nini upande ule hauchangamki. Igeuze mpaka uso wake uwe mweupe kwa macho yako, ndipo utazame bangili tena. Usitamani kulia kufanane na kushoto. Tofauti ya ukali wa mwanga baina ya pande hizo mbili ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba kitu hiki ni cha mviringo.

Dari ikiwa nyeupe na haina feni, iache. Itatoa mkanda wa kijivu laini juu ya tumbo la bangili, na mkanda huo unapendeza. Ikiwa ni ya mbao, au ya mabati, au feni imejichora kama buibui, ezeka kipande cha manila juu, kikiegemea ile ya kulia na kuinamia dirishani ili kipate mwanga.

Imebaki simu. Toboa tundu la kama sentimita 2 katikati ya manila, liwe sawa na lenzi unayotumia, kisha ishike manila mbele ya simu kama ngao. Bangili sasa inaona uso mweupe wenye nukta moja nyeusi badala ya mtu mzima mwenye shati la mistari. Nukta hiyo inafichika ukisogea nyuma: kadiri simu inavyokuwa mbali ndivyo taswira yake inavyopungua. Kwa hiyo rudi sentimita 30 hadi 40 na utumie ukuzaji wa 2x. Kuna sababu ya pili ya kufanya hivyo. Lenzi pana ya simu ikisogezwa karibu hunenepesha kilicho mbele na kukondesha kilicho nyuma, na bangili ya duara hutoka kama yai. Simu nyingi za siku hizi, ukizisogeza karibu mno, hubadili lenzi zenyewe bila kukuuliza na kwenda kwenye ile pana kabisa. Ukiona picha imeruka ghafla kwenye skrini, hicho ndicho kilichotokea. Rudi nyuma.

Nguo uliyovaa nayo inahusika. Dera la rangi kali linaweza kupaka waridi kwenye mkunjo wa fedha hata kama limejificha nyuma ya manila, kwa kupitia pembeni. Vaa kijivu, nyeusi au nyeupe siku ya kupiga picha.

Nyeusi kidogo

Ukishapanga yote haya, piga picha moja ya majaribio. Kuna uwezekano mkubwa kwamba haitakupendeza. Mng'ao umekwisha, nondo hazipo, mtu hayupo, na bangili inafanana na plastiki. Katika sehemu nyingine kingo zake zimemezwa na manila ya nyuma, hujui chuma kinaishia wapi. Wengi wakifika hapa huamini kwamba walikuwa na bahati mbaya ya simu. Simu haina kosa. Macho yetu hutambua chuma kwa sababu ya weusi ulio jirani na weupe. Fedha iliyozungukwa na weupe mtupu haina la kusema.

Kata vipande vya manila nyeusi, upana sentimita 2 na urefu wa kidole. Kimoja bandika wima kwenye ukingo wa mbele wa karatasi ya kuokea. Tazama bangili: mstari mwembamba mweusi umeshuka kwenye shavu lake la kushoto, na ghafla limekuwa chuma. Sogeza kipande sentimita moja, mstari nao unahama. Sasa vipande viwili zaidi visimamishe kulia na kushoto, nyuma kidogo ya bangili, nje ya fremu kwa uchache tu. Hivi ni vya kingo. Pale bangili inapopinda na kuondoka machoni, inaona kilicho nyuma yake pembeni, na kikiwa cheusi ukingo unachorwa kwa mstari mwembamba unaoitenganisha na manila. Mstari ukiwa mnene mno, rudisha kipande nyuma. Katika kazi hii yote, mimi huona sehemu hii ndiyo yenye raha, kwa sababu unachora juu ya chuma bila kukigusa.

Kama bangili ina nakshi, pima tofauti. Mwanga mlaini kutoka kila upande hujaza mifereji ya nakshi na kuifanya ionekane kama imefutika. Ondoa manila ya juu, isogeze mbali ile ya kulia, acha mwanga uje chini chini kutoka kushoto. Kila mfereji utapata kivuli chake upande mmoja.

Dhahabu inafuata mpangilio huohuo, ila ina tabia moja ya kujua. Hutia rangi yake kwenye kila inachoakisi: manila nyeupe inatoka ya dhahabu, na kipande cheusi kinatoka hudhurungi iliyokolea. Kwa hiyo dhahabu husamehe kuliko fedha. Tatizo lake liko kwenye simu, ambayo ikiona unjano mwingi kwenye fremu hudhani ni kosa la taa na kuupoza, na dhahabu ya sonara mzuri inatoka imefifia kama shaba nyeupe. Acha manila nyeupe ionekane kwa wingi ndani ya fremu, simu ipate kitu cheupe cha kupimia, kisha kata picha baadaye.

Vito ndivyo vinavyovunja kanuni. Jiwe lililokatwa lina nyuso ndogo nyingi, na kumeta kwake ni pale uso mmoja unapoona mwanga mkali huku jirani yake ukiona giza. Ukilizungushia karatasi laini pande zote, unaliua. Kwa pete yenye tanzanaiti, toboa au fungua sehemu ndogo ya karatasi ya kuokea ili mwanga mkali uingie, kisha geuza pete kidogo kidogo mpaka nyuso zishike moto. Na usiipige chini ya balbu ya manjano: jiwe hili la Mererani huelekea zambarau chini ya balbu na buluu chini ya mwanga wa mchana, na mteja aliyeona picha ya zambarau atakuja kugomba.

Simu yenyewe haihitaji maneno mengi. Futa lenzi kwa kitambaa cha pamba, kwa sababu mafuta ya kidole juu ya lenzi hutengeneza ukungu unaofanana kabisa na mng'ao na utahangaika bure na karatasi. Zima flashi. Bonyeza juu ya bangili na ushikilie mpaka simu ifunge umakini na mwanga. Kwenye aifoni utaona maandishi `AE/AF LOCK`, na simu nyingi nyingine huonyesha alama ya kufuli. Kisha telezesha kidole kupandisha au kushusha mwanga. Fremu iliyojaa manila nyeupe huidanganya simu, ikadhani kuna mwanga kupita kiasi na kuigeuza manila kuwa kijivu, hivyo mara nyingi utapandisha kidogo. Pandisha huku ukitazama shavu la kushoto la bangili, si manila. Likianza kupoteza mpito wake wa taratibu na kuwa bapa jeupe, umezidisha. Egemeza simu kwenye mkebe na utumie kipima muda cha sekunde 3, kwani mwanga wa dirishani uliochujwa ni hafifu na mkono hutikisika.

Na kabla ya yote, safisha bangili kwa kitambaa laini na uishike kwa kitambaa hichohicho. Alama ya kidole haionekani kwa macho mezani, lakini kwenye picha iliyokuzwa inakuwa kubwa kama muhuri. Weusi wa fedha iliyokaa sandukuni ni salfidi ya fedha. Hakuna mpangilio wa karatasi utakaoufuta.

Bilauri inageuza mambo

Mtu aliyejifunza kwenye bangili akileta bilauri kwenye meza ileile atashangaa kuona dirisha limejichora tumboni mwake, mraba mweupe, na kingo za kioo hazionekani. Fedha hurudisha mwanga karibu wote. Kioo hurudisha sehemu ndogo tu na kupitisha uliobaki, hivyo kinachoonekana ndani ya bilauri ni kile kilicho nyuma yake. Kwa hiyo mwanga ukae nyuma.

Isogeze meza hadi mbele ya dirisha, bilauri iwe baina yako na dirisha, umbali wa nusu mita kutoka kwenye karatasi ya kuokea ambayo sasa inaziba dirisha na ndiyo mandhari ya nyuma. Punguza upana wa eneo jeupe kwa manila nyeusi kulia na kushoto, mpaka weupe ubaki ule tu unaoonekana ndani ya fremu. Hapo ukingo wa bilauri unakuwa mstari mweusi safi kutoka mdomoni hadi kitakoni. Sababu ni kwamba kioo kinene cha pembeni huupinda mwanga, na kupitia ukingo huo kamera haioni kilicho nyuma moja kwa moja, inaona kilicho pembeni, na pembeni umeweka nyeusi. Ukiziacha manila nyeusi mbali sana, mstari unakuwa mwembamba na kukatika. Ukizisogeza ndani, unanenepa.

Mng'ao uliobaki kwenye uso wa mbele unatoka chumbani nyuma yako: mlango ulio wazi, televisheni, ukuta mweupe. Funga mlango, zima televisheni, tundika shuka la rangi iliyokolea nyuma ya mgongo wako. Kwa kioo bapa, kama cha fremu ya picha au kisanduku cha kuonyeshea pete, kuna msaada wa ziada: miwani ya jua ya polaroidi ikishikwa mbele ya lenzi na kuzungushwa hupunguza mng'ao sana ikiwa unakitazama kioo kwa mshazari, karibu digrii 55 kutoka kwenye mstari unaosimama wima juu ya uso wa kioo. Kwenye fedha na dhahabu miwani hiyo haina la kufanya, kwa kuwa mwanga unaorudishwa na chuma hauchujiki kwa njia hiyo.

Kwa bilauri yenye michoro ya kukatwa napendelea kinyume chake. Bandika manila nyeusi katikati ya karatasi ya kuokea, ijaze fremu tu, mwanga wa dirisha upite kuizunguka pande zote. Sasa mandhari ni meusi, kingo ndizo zinazowaka, na kila mkato wa mchoro unashika mwanga wake. Kasoro ya njia hii ni kwamba vumbi nalo linawaka. Ioshe bilauri kwa maji ya moto yenye siki kidogo, ikaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, uishike kwa chini, na upige picha kabla haijakaa. Ukitaka kuionyesha ikiwa na juisi ya ukwaju au chai ya rangi, kinywaji hicho kitatoka cheusi mbele ya mandhari meusi. Kata kipande cha manila nyeupe kidogo kuliko bilauri, kifiche nyuma yake kwa mshazari kikiwa kimeelekea dirishani, na kinywaji kitapata rangi yake.